Ukuta wa Mji wa Kale Haujachoka, Skrubu Ndiyo Fupi

Wadau, kuna maneno nimechoka kuyasikia hapa mtaani. Kabati la jikoni likianza kuinama, rafu ikidondoka, au pazia likitoka na fimbo yake, kila mtu anakuja na jibu moja: "Nyumba hizi zishazeeka, kuta hazishiki kitu." Fundi anasema hivyo, mwenye nyumba anasema hivyo, na sisi vijana tunaitikia tu kisha tunaanza kuota fleti za Nyali.

Mimi nasema si kweli. Ngome ya Yesu pale ilianza kujengwa 1593 kwa mawe ya matumbawe na chokaa, imepigwa mizinga, inakula chumvi ya bahari kila siku, na bado imesimama. Nyumba nyingi za Mji wa Kale zina kuta za vitu hivyo hivyo. Ukuta wa unene wa nusu mita haushindwi na kabati la sahani. Kinachoshindwa ni skrubu ambayo haikuufikia ukuta hata kidogo. Na nina ushahidi, manake kabati la bibi yangu nililiteremsha kwa mikono yangu.

Hebu kwanza niwape picha. Jiko la bibi liko ghorofa ya kwanza, na ukuta wenye kabati ni ule wa nje, unaopigwa na upepo wa bahari. Kabati lenyewe lina upana wa sentimita 90, urefu wa 70 na kina cha 30. Ndani mna sahani zake zote za Idi, masinia madogo, vikombe vya kahawa, na bakuli nzito za udongo ambazo haruhusu mtu kuzigusa. Chini yake ndipo anapokaa kwenye kibao cha mbuzi akikuna nazi. Sasa ukiangalia juu ya kabati, kati yake na ukuta kulikuwa na nafasi ya kupitisha kidole gumba, na chini halikuachana na ukuta hata kidogo. Yaani lilikuwa linampigia bibi magoti, polepole.

Ami yangu alipoliona akatoa hukumu papo hapo: ukuta umeoza, ubomolewe plasta yote, upigwe simiti nzito, kisha kabati lirudishwe. Bibi akasema, "Mwanangu, ukuta huu nimeukuta, na nitauacha." Kwa hiyo kulikuwa na mambo mawili mezani: sahani zisimwangukie bibi kichwani, na ukuta usiharibiwe kwa kosa ambalo si lake.

Tukaanza na mzigo. Tulitoa vyombo vyote tukavipima kwa mzani wa bafuni, vikaja kilo 34. Kabati tupu kilo 22. Jumla ni 56. Watu wengi hapa hufikiria kwamba skrubu mbili za juu zinavutwa kwa kilo 56 zote. Sivyo. Uzito unashuka chini, lakini kwa sababu kabati limetokeza mbele, linataka pia kupinduka. Ukingo wake wa chini unasukuma ukuta, na ule wa juu unavuta kutoka ukutani. Katikati ya mzigo ni kama sentimita 15 kutoka ukutani, na skrubu za juu ziko sentimita 66 juu ya ukingo wa chini. Zidisha 56 kwa 15, gawanya kwa 66, unapata karibu kilo 13. Hiyo ndiyo nguvu ya kuvuta, na inagawanywa kwa skrubu mbili.

Kilo 13 ni kama mtungi mdogo wa gesi pamoja na gesi yake. Si kitu cha kutisha. Jiwe zima haliwezi kusumbuliwa na hiyo. Kwa hiyo swali likabaki: skrubu zilikuwa zimeshika nini?

Mimi na rafiki yangu tulishikilia kabati kila mtu upande wake, tukafungua skrubu na kuliteremsha. Hapo ndipo siri ikatoka. Fisha, kile kipande cha plastiki kinachoingia tunduni kabla ya skrubu, ilitoka mzima mzima ikiwa imebeba donge la plasta kama keki. Skrubu ilikuwa ya milimita 38. Ubao wa nyuma ya kabati ulikula milimita 16, zikabaki 22 za kuingia ukutani. Na plasta yenyewe tulipoipima ilikuwa na unene wa milimita 30.

Someni tena hizo namba. Skrubu iliingia milimita 22 ndani ya plasta ya milimita 30. Hakuna hata milimita moja iliyogusa jiwe. Miaka yote hiyo kabati lilikuwa limetundikwa kwenye nguo ya ukuta, si kwenye mwili wake.

Na plasta haina ubavu wa kuvumilia hivyo. Ile fisha inafanya kazi kwa kutanuka: skrubu ikiingia, plastiki inasukuma kuta za tundu, na msuguano ndio unaoshika. Ikitanuka ndani ya jiwe, jiwe linairudishia nguvu. Ikitanuka ndani ya plasta laini, plasta inasagika na kuwa unga. Uzito wa vyombo unabonyeza skrubu chini, tundu linakuwa refu kama yai, skrubu inainama, na kila mlango wa kabati unapofungwa kwa nguvu unga mwingine unamwagika. Ndiyo maana halidondoki siku moja. Linaanza na nywele, linakuja kidole, halafu siku moja usiku mnasikia kishindo.

Sasa, mbona fundi akatumia skrubu fupi? Simtetei, lakini namwelewa. Ukienda nyumba nyingi mpya, kuta ni za matofali ya simiti au mawe ya matumbawe yaliyokatwa kwa mashine, yamepangwa mstari kwa mstari, na plasta juu yake ni nyembamba. Ukitoboa popote utakuta kitu kigumu karibu. Ukuta wa zamani haukujengwa hivyo. Ndani yake ni mawe ya matumbawe ya kila umbo, makubwa na madogo, yamepangwa kwa mkono na kushikanishwa kwa chokaa. Juu yake plasta nene ya kusawazisha ule mgongo. Kwa hiyo ukitoboa sehemu moja unakutana na jiwe safi, sentimita 5 pembeni unakutana na chokaa laini, na pengine unakutana na uwazi kabisa.

Wazee walilijua hili. Angalieni nyumba za mawe za Lamu: wakitaka mahali pa kuweka vyombo vya thamani, walijenga zidaka ndani ya unene wa ukuta. Chakula cha kuhifadhi wakakitia kwenye susu na kukining'iniza kutoka kwenye boriti. Hawakutundika mzigo mbele ya ukuta. Ukuta wao ni hodari wa kubeba kilicho juu yake. Sisi tumeleta kabati la kisasa linalovuta kwa mbele, basi ni juu yetu kuuliza jiwe liko wapi.

Hivi ndivyo tulivyouliza.

Kwanza tulizima umeme kwenye swichi kuu na kuangalia soketi na bomba ziko wapi, manake waya mara nyingi hupanda moja kwa moja kutoka kwenye soketi. Hapo hatutoboi. Drili tukatumia ya betri.

Pili tuligonga ukuta kwa mpini wa bisibisi. Plasta iliyoshika inatoa sauti fupi, nzito. Iliyoachana na jiwe inalia kama sufuria tupu. Kwa bibi kulikuwa na kipande cha ukubwa wa sinia kinacholia hivyo, na ajabu ni kwamba hapo ndipo palipokuwa na kiraka cha simiti cha zamani. Chokaa inaruhusu unyevu kuingia na kutoka. Simiti inauziba ndani, na unyevu wa huku una chumvi. Unakaa nyuma ya simiti, chumvi inaganda, na inasukuma mpaka kiraka kinaachia. Hapo Ami akanyamaza kidogo, ingawa hakukubali.

Tulikibandua kipande hicho tu, tukasugua vumbi, tukanyunyiza maji, tukarudishia chokaa na mchanga, fungu moja kwa matatu, kwa tabaka tatu za karibu sentimita moja moja. Hii ndiyo sehemu inayotaka subira. Simiti ingekauka haraka, chokaa inataka wiki kadhaa. Tulingoja tatu, na vyombo vya bibi vikakaa kwenye maboksi chini ya kitanda huku akituuliza kila siku kama tumemaliza.

Tatu, matundu ya majaribio. Hapa ndipo kazi yote ilipo, msipitwe. Tulichukua biti ya ukuta ya milimita 5, tukaifunga tepu kidogo ili tujue kina, na kutoboa polepole bila ile sehemu ya drili ya kugonga. Ukigonga, matumbawe yanamomonyoka, chokaa inatikisika, na tundu linatoka pana kuliko biti. Kisha unasikiliza mkono wako. Plasta inapita kirahisi na unga wake ni laini kama unga wa ngano. Ukifika kwenye jiwe, drili inapunguza mwendo, na unga unakuwa wa rangi ya maziwa wenye punje punje kama mchanga wa pwani. Drili ikiendelea kuingia kirahisi na unga ukabaki laini, uko kwenye chokaa katikati ya mawe. Ikiruka ndani ghafla, uko kwenye uwazi.

Tulitoboa matundu 8 kwenye mstari mmoja. Matano yalipata jiwe, mawili yakapata chokaa, moja likapata uwazi. Hayo matatu tuliyaziba kwa chokaa. Hayo matano ndiyo yakawa yetu.

Lakini hapo pana tatizo, si ndiyo? Kabati lina matundu yake mawili, na hayakuangukia kwenye yale matano. Fundi wa haraka hapa ndipo anapotoboa penye tundu la kabati na kuomba Mungu. Sisi tulifanya kinyume: tuliuacha ukuta uchague. Tulichukua ubao mgumu wa unene wa milimita 25, tukaupasua kwa urefu kwa mshazari ili upate vipande viwili vinavyokumbatiana. Kimoja kinafungwa ukutani, ncha yake kali ikitazama juu na mshazari ukielekea ukutani. Kingine kinafungwa nyuma ya kabati kikitazama chini. Kabati unaliinua, unaliteremsha, vipande vinaumana vyenyewe. Hivyo ubao wa ukutani unaweza kufungwa popote penye jiwe, na kabati halijui tofauti.

Angalizo: ubao wa kabati usifungwe kwenye ile hadibodi nyembamba ya nyuma peke yake. Hiyo ni karatasi tu. Ufungwe kupitia ubao mnene ulio ndani juu, ule unaoshikana na mbavu mbili za kabati.

Sasa skrubu. Hesabu yake ni nyepesi mno, na lau ile ya kwanza ingefanywa, nisingekuwa naandika haya. Unajumlisha kila kitu ambacho skrubu inapita kabla ya kufika kwenye jiwe, halafu unaongeza urefu wa fisha. Ubao milimita 25, plasta 30, fisha 60. Jumla ni 115. Unataka ncha ya skrubu ipite mwisho wa fisha kidogo ili itanuke yote, kwa hiyo tukachukua ya 120. Fisha ya milimita 10, skrubu nene ya milimita 8 yenye kichwa cha spana, na washa chini ya kichwa. Tulitafuta ya chuma kisichoshika kutu, manake skrubu za kawaida kwenye ukuta wa bahari zinaliwa ukidhani bado zipo.

Matundu yale matano tuliyapanua kwa biti ya milimita 10, kina cha milimita 100 kutoka juu ya plasta: 30 za plasta, 60 za fisha, na 10 za nafasi ya vumbi. Vumbi lenyewe tukalitoa kwa brashi nyembamba na pampu ya baiskeli, miwani machoni na barakoa puani. Usipuuze hili. Fisha ikikaa juu ya unga inashika unga, hata kama jiwe liko hapo hapo.

Kisha tukaisukuma fisha ndani kabisa, mpaka ikapita plasta yote. Hapa wengi wanaacha mdomo wa fisha sawa na uso wa ukuta kwa sababu unapendeza macho. Ukifanya hivyo nusu ya fisha iko kwenye plasta, umerudi kule kule. Ichomeke skrubu kidogo kwenye mdomo wake, igonge taratibu iingie, halafu itoe skrubu na uweke ubao.

Tulikaza kwa mkono, si kwa drili. Unaisikia: mwanzo laini, halafu inaanza kukataa, halafu inakaa. Skrubu nne zilikaa vizuri. Ya tano ikazunguka tu bila kukaza, maana yake fisha haijashika. Rafiki yangu akaanza kutafuta njiti za kiberiti za kujazia. Nikamwambia, bro, kijiti hakitanuki, kinapondeka. Tundu la hivyo unalihama, au unatumia ile gundi ya mabomba mawili inayosukumwa kwa bunduki ndani ya soksi ya wavu, ambayo inajaza uwazi na kuganda. Gundi hiyo pia ndiyo jawabu kama ukuta wako wote ni chokaa na mashimo, au ni wa matofali yenye uwazi ndani. Sisi tulisogea sentimita 7 na kupata jiwe jingine.

Kabla ya kurudisha sahani hata moja, tulijaribu. Nilifunga kamba kwenye ubao, nikaegemea nyuma kwa uzito wangu wote, nikahesabu mpaka sitini. Halafu tukaangalia kama kuna ufa mpya, unga uliomwagika, au ubao uliosogea. Hakuna. Ndipo kabati likapanda, likapimwa kwa pima maji, na chini tukaweka kipande cha ubao cha unene ule ule wa milimita 25 ili lisimame wima, na skrubu moja ya kulizuia lisinyanyuke. Kwa sababu sasa limetokeza mbele kidogo zaidi, mvuto umeongezeka kidogo pia, lakini umegawanywa kwa skrubu tano, na zote ziko ndani ya jiwe.

Sahani nzito ziliwekwa rafu ya chini na nyuma, vikombe juu. Hilo nalo si urembo. Kila unachokisogeza karibu na ukuta kinapunguza mvuto.

Ami alikuja, akalisukuma kwa bega, akatikisa kichwa, akasema, "Haya, tutaona." Kwa Ami hiyo ni pongezi.

Sasa msimamo wangu, mnipinge mkitaka. Tukikubali hadithi ya "nyumba zimechoka", tunalipa mara mbili. Tunabomoa plasta ya chokaa iliyokuwa ikifanya kazi yake na kuweka simiti inayouchomesha ukuta chumvi, halafu tunarudisha kabati kwa skrubu ile ile ya milimita 38, na baada ya muda tunalaumu ukuta tena. Mwenye nyumba naye anapata sababu ya kusema jengo halifai. Yote kwa sababu hakuna aliyepima plasta.

Basi fanya hivi nyumbani kwako. Pitisha karatasi kati ya kabati na ukuta, upande wa juu. Ikiingia, weka alama ya penseli ukutani palipo na ukingo wa kabati, uangalie tena baada ya wiki mbili. Tazama pia juu ya vyombo vya rafu ya juu kama kuna unga mweupe. Ukiona unga, au alama imeachana na kabati, usikaze skrubu za zamani, manake unazidi kusaga tundu. Toa vyombo siku hiyo hiyo, msiketi chini yake, na fundi akija mwulize swali moja tu kabla hajawasha drili: "Fundi, plasta hapa ina unene gani?" Akikujibu bila kupima, mpe chai umshukuru, umtafute mwingine.